Mwezi ukiandama, usiongeze seva: panga foleni

Usiku wa kuamkia Mfunguo Mosi, mfumo wa tiketi za boti unapata mtihani ambao kalenda haiwezi kuutabiri. Jioni ya mwezi 29 hakuna anayejua kama sikukuu ni kesho au keshokutwa. Tangazo likishatoka, kila aliyeko Unguja na kwao Pemba anafungua programu dakika hiyo hiyo, akitafuta kiti cha boti ya asubuhi ya kwenda Mkoani.

Ushauri unaotolewa sana ni kuweka seva zinazojiongeza zenyewe mzigo ukipanda. Kwa kazi hii mimi siuamini. Mashine hizo hupima mzigo kwanza, ndipo zinawasha mashine mpya, zinapakia programu na kuanza kupokea watu. Hesabu dakika tatu, pengine tano. Kufikia hapo walioshindwa kuingia wameshabonyeza upya mara kumi.

Tuchukue mfano wa boti yenye viti 400 na watu 9,000 wanaofungua programu ndani ya dakika moja. Kila mmoja akikata tiketi mbili, wanunuzi ni 200 tu. Watu 8,800 waliobaki hawatapata kitu, na mzigo karibu wote ni wao. Kwa hiyo kazi kubwa ya mfumo si kuuza. Kazi kubwa ni kuwaambia hao 8,800 ukweli bila kuwafikisha kwenye hifadhidata.

Seva zikiongezeka ovyo, hifadhidata ndiyo inayoumia. PostgreSQL, usipoigusa mipangilio yake, inakubali miunganisho 100. Seva 4 zenye miunganisho 20 kila moja zinaishi vizuri. Zikijiongeza zikafika 10, zinadai 200, na kwenye kumbukumbu za mfumo unaanza kusoma `FATAL: sorry, too many clients already`. Dawa uliyoinunua ndiyo iliyokuangusha. PgBouncer ikikaa katikati inasaidia, kwa sababu seva nyingi zinagawana miunganisho michache, lakini haiponyi kosa linalofuata.

Kosa lenyewe ni kushika kiti na kusubiri malipo ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata. Programu inafungua muamala, inafunga mstari wenye idadi ya viti vilivyobaki, inatuma ombi la pesa za simu, kisha inangoja mteja aandike namba ya siri. Mteja anatafuta miwani, anamwuliza mkewe salio, sekunde 20 zinapita. Muda wote huo mstari umefungwa na wengine wamejipanga nyuma yake. Kwa mwendo huo wanahudumiwa watu 3 kwa dakika, na wanunuzi 200 watachukua zaidi ya saa nzima. Muamala huo huo ukichukua milisekunde 10, wanakwisha kwa sekunde mbili.

Dalili yake inawachanganya wengi: programu imekwama, lakini kichakataji cha seva ya hifadhidata kimetulia kabisa. Ukiona hivyo, angalia `pg_stat_activity`. Mistari mingi yenye `wait_event_type` ya `Lock`, na mmoja au wawili wenye hali ya `idle in transaction`, inakwambia kuna mtu ameshika kufuli na kwenda zake.

Kwa hiyo gawa kazi. Usiweke namba moja ya viti vilivyobaki. Kila kiti kiwe na mstari wake. Kishike kwa muda, funga muamala, ndipo uombe pesa.

```sql
UPDATE viti
SET hali = 'kimeshikwa', oda = $1,
    mwisho = now() + interval '7 minutes'
WHERE id = (
  SELECT id FROM viti
  WHERE safari = $2
    AND (hali = 'wazi'
     OR (hali = 'kimeshikwa' AND mwisho < now()))
  ORDER BY id LIMIT 1
  FOR UPDATE SKIP LOCKED)
RETURNING id;
```

`SKIP LOCKED` humfanya kila mnunuzi aruke kiti ambacho mwenzake anakishika sekunde hiyo na kuchukua kinachofuata, badala ya kumngoja. Ina mtego wake. Jibu likija tupu, haina maana kwamba viti vimeisha. Huenda vilivyobaki vimefungwa kwa milisekunde chache tu. Jaribu tena mara moja au mbili kabla ya kumwambia mtu boti imejaa.

Malipo nayo hayana adabu. Jibu la kampuni ya simu linaweza kuja mara mbili, au likaja dakika ya tisa wakati kiti kimeshaachiwa. Kila oda iwe na namba yake ya pekee inayokwenda pamoja na ombi la malipo, na hifadhidata ikatae kuiandika mara ya pili. Pesa ikichelewa, mfumo utafute kiti kingine. Kama hakuna, urudishe pesa wenyewe. Usimwachie karani wa dirishani bandarini Malindi agombane na abiria asubuhi ya sikukuu.

Sasa foleni. Anayefungua programu asipelekwe moja kwa moja kwenye viti. Apewe namba na akae nje. Redis inaitoa namba hiyo kwa `INCR`, bila hifadhidata kuguswa. Ndani waingie watu 5 kwa sekunde, na viti vyote vikishashikwa mlango usimame, ufunguke tena pale viti vinaporudi kwa wasiolipa.

Wengi wanaharibu hapa: kila simu inauliza seva kila sekunde 5, "nimefika wapi?" Watu 9,000 ni maswali 1,800 kwa sekunde, foleni yenyewe ikawa ndiyo mafuriko. Njia nyepesi ni kuandika namba inayohudumiwa sasa kwenye faili moja dogo, lile lile kwa watu wote, likae kwenye kashe kwa sekunde 2. Simu inalisoma na kujilinganisha yenyewe na namba yake. Kwenye nginx washa `proxy_cache_lock on;` pamoja na `proxy_cache_use_stale updating;`, ili faili likiisha muda ombi moja tu liende kulifuata nyuma na mengine yapewe nakala ya zamani. Ratiba na nauli zipite njia hiyo hiyo. Idadi ya viti ikichelewa sekunde 2 haimdhuru mtu, maana anayeamua ni ule muamala wa kushika kiti.

Nina neno kuhusu haki, na najua baadhi ya wenzangu hawakubaliani nami. Aliyetangulia kufika mara nyingi ni mwenye mtandao mzuri tu. Anayeshika simu Micheweni akiwakatia tiketi watoto wake walioko Mjini anapitwa na mwenye waya wa fayba, hata kama wamebonyeza pamoja. Ningewachanganya wote waliofika dakika ya kwanza: `ZADD` ya Redis yenye alama ya bahati nasibu, kisha orodha inapangwa kwa alama hizo. Kuanzia dakika ya pili, aliyetangulia atangulie. Faida yake ni kwamba kugombania sekunde ya kwanza hakumpi mtu kitu, hata walanguzi wenye programu za kubonyeza haraka.

Majaribio yafanyike kabla ya Ramadhani, na yasiwe ya kupandisha mzigo polepole. Ukitumia k6, chombo cha kupima mzigo, na watumiaji wa bandia wanaongoja jibu ndipo wabonyeze tena, seva ikizidiwa na wao wanapunguza mwendo, na ripoti inatoka nzuri kwa uongo. Tumia `ramping-arrival-rate`, ambayo inaendelea kumimina watu hata seva ikilemewa. Ipandishe kutoka sifuri hadi watu 150 kwa sekunde ndani ya sekunde 5, iache dakika moja, kisha hesabu viti vilivyouzwa. Vikizidi 400 hata kwa kimoja, rudi kwenye ile SQL kabla hujagusa seva.