Muuza Taa za Sola, Mteja Wako Anaiajiri Taa kwa Kazi Gani?

Boksi nyingi za taa za sola zinasema mambo yaleyale: inawaka saa nyingi, inachaji simu, inafaa nyumbani, shambani na safarini. Taa inayofaa kila mahali huishia kulinganishwa kwa bei tu, na hapo muuzaji mdogo anashindwa mapema, kwa sababu daima kuna mwenye taa ya bei ya chini zaidi meza ya pili.

Clayton Christensen, aliyekuwa profesa wa biashara Harvard, alieneza wazo kwamba mteja hanunui bidhaa kwa kuipenda tu, bali huiajiri imfanyie kazi fulani. Kwa muuza taa, wazo hili lina faida pale tu anapochagua kazi moja na kuifuata hadi mwisho. Mimi ningeanza na mama anayeuza samaki wa kukaanga na nyanya kando ya barabara jioni.

Usimuulize anapenda taa ya namna gani, maana atakujibu anataka yenye mwanga mkali na bei nafuu, kama kila mtu. Watafute wachuuzi wanane hivi waliokwisha kununua taa miezi ya karibuni, uwaulize kuhusu siku ile waliyonunua. Kabla yake ulikuwa unatumia nini? Nini kilitokea hadi ukasema leo nanunua? Ulikuwa unaogopa nini kabla ya kutoa hela? Majibu yatakuonyesha mshindani wako halisi. Mara nyingi si taa ya jirani yako sokoni. Ni kibatari kinachozimwa na upepo, tochi ya simu inayomaliza chaji, au mwanga wa kuazima kutoka duka linalofungwa saa mbili usiku.

Kisha andika kazi hiyo kwa sentensi moja: "Jua likizama, wapita njia waione meza yangu kwa mbali na waone samaki ni wazuri, nami nihesabu chenji bila kukosea, hadi saa nne usiku." Sentensi hiyo ndiyo inayokuchagulia taa.

Tuseme una taa yenye betri ya volti 3.2 na mAh 3,000, yaani takriban wati-saa 9.6. Balbu yake ikila wati 2 kwenye mwanga wa juu, itawaka kama saa nne na ushee. Mchuuzi anahitaji saa tatu na nusu, tangu saa kumi na mbili na nusu jioni. Inatosha. Lakini akichaji simu ya kitochi humohumo, betri yake ya mAh 1,000 itakula karibu nusu ya akiba yote ukihesabu na umeme unaopotea njiani, na taa itazimika kabla ya saa tatu usiku, wateja wakiwa bado wapo. Atarudi kwako akilalamika kwamba taa haikai. Kwa hiyo kwa mteja huyu, ile sifa ya kuchaji simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa ndiyo ya kunyamazia, au umwambie wazi achaji baada ya kufunga biashara. Vilevile zile "saa 40" za kwenye boksi kwa kawaida ni za mwanga wa chini kabisa, ambao hauuzi samaki.

Rangi ya mwanga nayo ina uzito. Mwanga mweupe wenye ubluu hufanya nyanya na samaki waonekane wamechujuka, tena huvuta wadudu wengi zaidi, nao huangukia kwenye karai. Mwanga wa manjano unafaa zaidi. Mpe na kamba au ndoano ya kuitundika juu ya kichwa, ikiwa na kifuniko kinachoshusha mwanga mezani. Ikikaa usawa wa macho inampofusha mnunuzi, anapita zake.

Sasa badilisha namna ya kuuza. Onyesho lifanyike jioni, mezani kwake, samaki wakiwepo. Bei iseme kwa lugha ya mauzo yake: kama anatumia shilingi 500 za mafuta ya taa kila jioni, taa ya 45,000 inalingana na jioni 90 za mafuta. Hofu yake kubwa huwa ni kwamba itakufa wiki ya pili, kwa hiyo dhamana iandikwe na jina la duka na namba ya simu ya muuzaji, siyo ya kiwanda.

Kuna jambo moja linaloharibu mpango wote: mchana paneli inakaa wapi? Mchuuzi akiwa amekwenda kununua samaki, asipokuwa na mtu nyumbani, ataiacha ndani dirishani, na hapo inapata sehemu ndogo tu ya jua. Ikiwekwa kivulini au ikiwa na vumbi, jioni taa itawaka muda mfupi tu. Uliza swali hili kabla ya kupokea pesa. Kama hana pa kuianika salama, muuzie taa yenye waya mrefu wa paneli ili paneli ifungwe juu ya bati, au mwambie ukweli kwamba taa hii haitamfaa.