Mnyama gani, jamani?

Ujumbe umeingia: "Shikamoo mtaalamu, mifugo yangu haishibi, nipe fomula ya chakula." Basi, umeishia hapo. Nikauliza ni mifugo gani, nikajibiwa, "Kwani chakula si chakula?" Haya.

Tuseme ni ng'ombe wa maziwa wa kilo 400, maana huyo ndiye ninayeulizwa kila siku. Anahitaji kama kilo 12 za chakula kwa siku, ukikihesabu kikiwa kikavu, maji yote yametoka. Na kwenye hayo maji ndipo fomula zinapokufa. Masika, mabingobingo machanga ni maji tu. Kilo 100 zinabeba kama kilo 15 za chakula chenyewe. Mfugaji analeta mzigo wa kilo 40, hori linafurika, roho yake inatulia, kumbe ng'ombe kapata kilo 6, nusu ya haki yake. Kinyesi kinakuwa chepesi, maziwa yanashuka, na saa sita mchana hori ni jeupe. Huyu aongezewe majani, yanyaushwe kidogo kwanza, achanganyiwe na nyasi kavu.

Sasa njoo Agosti. Hori lile lile limejaa mabua ya mahindi. Ukavu upo tele, protini ndiyo hakuna. Vijidudu vya tumboni vinavyovunjavunja mabua vina njaa, kwa hiyo mabua yanakaa humo muda mrefu na ng'ombe anaacha kula tumbo likiwa limejaa. Kinyesi kigumu, mbavu zinahesabika, na horini chakula kimebaki. Huyu ukimwongezea mabua unamwongezea mzigo. Mpe mashudu ya alizeti, uanze kidogo kidogo hadi kilo 2 kwa siku, uone atakavyoyarudia mabua yale yale aliyoyakataa. Ng'ombe mmoja, banda moja, majibu mawili yanayopigana. Nikikutumia fomula bila kujua ni mwezi gani kwako na horini kuna nini, nakuwa nimekusaidia au nimekuuzia mashudu?

Umri nao usiufiche: mabua yenye yurea, ambayo ng'ombe mkubwa aliyezoeshwa anayala vizuri, ni sumu kwa ndama mdogo. Na kama ni kondoo, madini ya ng'ombe yana shaba nyingi kuliko anayoiweza. Inarundikana kwenye ini kimyakimya, miezi inapita, halafu siku moja anakojoa mkojo mwekundu na kufa, na jirani ndiye anasingiziwa uchawi.

Sawa, nakubali kwa shingo upande kwamba yapo ya kujibu bila kuuliza. Maji safi yawepo muda wote. Nilitaka kuongeza na chumvi, nikakumbuka kwamba huenda muulizaji anafuga kuku, na kuku chumvi ikizidi inamuua. Basi, maji.