Msimu wa harusi haupandishi dhahabu, unapandisha ufundi

Kila ukifika Mfungo Mosi hapa Lamu utasikia kinamama barazani wakisema masonara wamepandisha dhahabu juu ya harusi. Na mi nilikua nasema hivohivo mpaka mwaka 2025 nilipopewa kazi ya kumtafutia binti wa kakangu bangili zake, ndo nikakaa chini na karatasi na kalamu nikaona tunamlaumu mtu kwa kitu si chake, na kile chake hasa hatukiulizi.

Hebu niwaeleze ilivyokua. Harusi ilipangwa baada ya Idi, manake kwetu Ramadhani haozwi mtu, kwa hivyo ikipita Idi ndogo harusi zinakuja mfululizo mpaka ukiingia Mfungo Tatu, kila wiki kuna kutia hina, na jamaa wa Mombasa na Uarabuni wote wako nyumbani. Januari nilienda kwa sonara kuuliza bangili sita, jumla gramu 24, karati 21. Siku zile dhahabu duniani ilikua kama dola 2,700 kwa aunsi. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, dola ilikua shilingi 129 hivi, kwa hivyo gramu moja ya dhahabu safi ni kama shilingi 11,200, na karati 21 ni sehemu 21 kati ya 24, yani asilimia 87.5, inakua kama 9,800. Hapo bado faida ya duka na ufundi. Ufundi aliniambia 700 kwa gramu.

Nikamwambia kakangu, akasema tungoje, baada ya Idi pesa zitakua zimekusanyika. Tukangoja. Mwisho wa Machi nikarudi, aunsi imeshapita dola 3,100, gramu ya karati 21 imekua kama 11,250, na ufundi amenitajia 1,000. Nikapandwa na hasira, nikamwambia mzee huu ni msimu mnatuvuna. Akanijibu kwa upole, "Mamangu, hiyo mia tatu ya ufundi ni yangu na siikatai, nina oda za watu kumi na mbili na mikono ni hii miwili. Hiyo nyingine si yangu."

Nikaenda nyumbani nikapiga hesabu. Ufundi ulionizidi ni 300 mara gramu 24, yani shilingi 7,200. Dhahabu yenyewe iliyonizidi ni 1,450 mara 24, yani 34,800. Sasa nani kanivuna? Hiyo elfu 34 haikutoka Lamu wallahi. Bei ya dhahabu inapangwa London mara mbili kwa siku na inauzwa New York na Shanghai usiku na mchana, hata harusi zote za Lamu, Malindi na Mombasa zikiwekwa pamoja hazitingishi hiyo mizani hata kidogo.

Wenye harusi za kutingisha mizani ni Wahindi na Wachina, hao wawili peke yao wananunua zaidi ya nusu ya dhahabu yote ya mapambo duniani. Wahindi wana Diwali mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na siku mbili tatu kabla yake wana Dhanteras ambayo kununua dhahabu ni baraka, kisha harusi zao zinaanza. Wachina wana mwaka wao mpya Januari au Februari. Lakini hata hapo watu wanakosea, wanafikiri bei itapanda siku ya sikukuu yenyewe. Maduka ya India yananunua mzigo wao wiki nyingi kabla, Agosti na Septemba, ndo waweze kutengeneza vitu, kwa hivyo sikukuu ikifika wenye maduka wameshanunua zamani. Mwaka 2025 bei ilifika kilele cha siku zile, dola 4,380 hivi, tarehe 20 Oktoba, wakati wa Diwali hasa, na kesho yake ikaanguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja. Sisemi Diwali ndo iliiangusha, waliokua wamenunua kwa kungojea faida waliuza kwa pamoja, lakini mtu aliyekimbilia kununua siku ile kwa kuogopa sikukuu aliumia.

Na kuna hili ambalo naona watu wa pwani hatulitilii maanani. Harusi zetu zinafuata mwezi, kila mwaka zinarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, za Wahindi na Wachina zinabaki majira yaleyale. Mwaka 2005 Idi ndogo na Diwali zilikua wiki moja. Sasa hivi Mfungo Mosi wetu unaangukia Machi. Mwaka 2030 Idi itakua mwanzo wa Februari, sambamba na mwaka mpya wa Wachina. Kwa hivyo hiyo kanuni ya bibi kwamba dhahabu inunuliwe kabla ya Rajabu kwa sababu ni rahisi, ilikua kweli kwa ufundi, kwa dhahabu haina mwezi maalum.

Msimu wa Lamu unaonekana mahali pengine. Kwanza ni ufundi na kungoja, nimeshasema. Pili ni dhahabu kuukuu. Januari ada za shule zikifika kila mtu anatoa mkufu wake kuuza, sonara hana wateja wala pesa taslimu, anakupa bei ya chini. Kabla ya harusi yeye mwenyewe anatafuta dhahabu ya kuyeyusha, hapo anakusogelea karibu zaidi na bei ya siku. Ukiwa na vipuli vya zamani usivipeleke Januari kama unaweza kuvumilia.

Tatu ndo linaloniuma zaidi, karati. Kukiwa na haraka na oda nyingi, na sonara mwenyewe analetewa vitu tayari kutoka kwa wengine, mtu anaagiza 21 anapewa 18 na hakuna anayepima. Kwa zile gramu 24, tofauti ya 21 na 18 kwa bei ya mwisho wa Machi ni kama shilingi 38,500, yani zaidi ya mara tano ya ule ufundi tuliokua tukigombania! Mi jamaa yangu mmoja lilimkuta, alijua miaka mitatu baadaye alipotaka kuuza. Angalia muhuri, 875 ndo karati 21, 750 ni 18, 916 ni 22, na muhuri peke yake hautoshi, mwambie asugue kwenye jiwe lake atie tindikali mbele yako, uone rangi ya mchirizi. Kama kuna mawe yapimwe mbali. Na risiti iandikwe dhahabu mbali na ufundi mbali, manake siku ya kuuza ufundi haurudi.

Mwisho bangili tulinunua nne badala ya sita, bi harusi hakulalamika. Mdogo wake naye ameshachumbiwa, na safari hii nimekataa kungoja, kila mwisho wa mwezi nampelekea sonara pesa ya gramu mbili au tatu kwa bei ya siku hiyo, anaandika kwenye daftari gramu, si shilingi, na ufundi tumekubaliana sasa hivi kabla ya msimu, 700.