Vihatarishi vya ujenzi: tuvipange kwa hatua ya kazi au kwa chanzo?

Madaftari mengi ya vihatarishi vya miradi ya majengo yamepangwa kwa kufuata kazi: msingi, nguzo na slabu, umaliziaji, makabidhiano. Mpangilio huu una mantiki yake. Msimamizi wa saiti anajua kwamba wiki hii anachimba. Anafungua ukurasa wa msingi, anaona yanayomhusu, anarudi kazini. Mwaka 2002 David Hillson, mshauri Mwingereza wa masuala haya, alipendekeza njia nyingine: vihatarishi vipangwe kama mti kulingana na vinakotoka. Shina ni mradi mzima, matawi ni vyanzo vikuu, vijitawi ni vyanzo vidogo ndani ya hivyo vikuu. Umbo lake ni lile lile la mchanganuo wa kazi ambao watu wa ujenzi wameuzoea, ila kinachogawanywa kimebadilika.

Je, kazi hiyo ya kupanga upya inalipa? Tuchukue mfano wa kubuni. Jengo la makazi la ghorofa tano Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha chini karibu na bahari, lenye besimenti ya kuegesha magari na lifti moja. Mkandarasi anatarajiwa kuanza kuchimba Februari. Timu imekaa, imeandika vihatarishi kumi, na kila kimoja kimepewa alama kwa kuzidisha uwezekano na athari, vyote kwa kipimo cha 1 hadi 5.

| Na. | Kihatarishi | Hatua | Chanzo | Alama |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Maji ya ardhini kuwa juu kuliko ripoti | Msingi | Eneo | 4×4=16 |
| 2 | Nyumba ya jirani kupata nyufa wakati wa kuchimba | Msingi | Eneo | 2×5=10 |
| 3 | Masika kusimamisha uchimbaji | Msingi | Eneo | 3×3=9 |
| 4 | Michoro ya nondo kuchelewa | Fremu | Mwenye mradi | 4×3=12 |
| 5 | Zege kutofikia nguvu siku ya 28 | Fremu | Mkandarasi | 2×5=10 |
| 6 | Bei ya nondo kupanda | Fremu | Soko | 3×3=9 |
| 7 | Vigae na madirisha kubadilishwa katikati | Umaliziaji | Mwenye mradi | 4×3=12 |
| 8 | Lifti kuchelewa kufika | Umaliziaji | Mwenye mradi | 3×4=12 |
| 9 | Umeme wa kudumu kuchelewa kuunganishwa | Umaliziaji | Mamlaka | 3×3=9 |
| 10 | Malipo ya hati kuchelewa | Mradi mzima | Mwenye mradi | 3×4=12 |

Jumlisha kwa hatua: msingi 35, fremu 31, umaliziaji 33, mradi mzima 12. Hapo hujifunzi kitu. Hatua zote tatu zinaonekana kuwa na hatari inayokaribiana, na uamuzi unaotoka kwenye kikao cha namna hiyo huwa ni kila mtu aongeze umakini kwenye kipande chake.

Sasa jumlisha kwa chanzo: mwenye mradi 48, eneo 35, mkandarasi 10, soko 9, mamlaka 9. Jumla ni 111 ile ile, lakini sura imebadilika. Zaidi ya asilimia 40 ya alama zote zinatoka kwa mtu mmoja ambaye hashiki koleo wala kusoma mchoro. Na ukivitazama vihatarishi vyake vinne kwa karibu, viwili vina mzizi mmoja: bado hajachagua lifti. Bila kujua lifti ni ya kampuni gani na ya watu wangapi, mhandisi miundo hana vipimo vya uhakika vya shimo la lifti wala mizigo yake, kwa hiyo michoro ya nondo ya kuta zake inasubiri. Na bila oda, kiwanda hakianzi kutengeneza. Kwenye daftari la hatua, namba 4 na namba 8 ziko kurasa tofauti na zina wahusika tofauti. Barua moja ya kumtaka mwenye mradi aamue kabla ya tenda kutangazwa inazigusa zote mbili.

Hii ndiyo hoja nzito ya wanaotetea mti, nami nakubaliana nao. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: tawi linaloonekana jembamba mno. Tawi la mkandarasi lina kihatarishi kimoja tu. Usalama wa mafundi kwenye jukwaa la juu uko wapi? Mkandarasi mdogo wa mabomba kukimbilia saiti nyingine inayolipa mapema je? Mara nyingi jibu ni kuuliza nani alishika kalamu. Daftari lililoandikwa na mkandarasi litakuwa na tawi nene la mwenye mradi, na lililoandikwa na mshauri wa mwenye mradi litakuwa kinyume chake. Orodha iliyopangwa kwa hatua inaficha upendeleo huo kwa sababu kila hatua ina kitu cha kuandika.

Lakini angalia ilivyobidi tuamue ili jedwali lijae. Lifti kuchelewa: wengi wangeiweka chini ya bandari, meli na forodha, yaani tawi la mambo ya nje. Jirani kupata nyufa: chanzo ni kutojua msingi wake umekaa kina gani, au ni mkandarasi kuchimba bila kushikilia kingo za shimo? Vyote viwili ni kweli. Mti haukubali kitu kikae matawi mawili, na ukikiweka mara mbili umekihesabu mara mbili. Njia ninayoitumia mimi ni kuuliza ni wapi kitendo cha mapema zaidi kingepunguza hatari. Kwa jirani, ni kuchimba shimo dogo la ukaguzi pembeni ya ukuta wake kabla ya kazi kuanza, kwa idhini yake. Kwa hiyo kinakaa kwenye eneo. Mwingine mwenye akili timamu anaweza kukiweka kwa mkandarasi, na jumla za matawi zikabadilika kwa alama 10. Anayekuletea asilimia za matawi bila kukuonyesha alivyogawa, usimwamini sana.

Jumla zenyewe nazo zina kasoro. Alama 16 haimaanishi hatari mara mbili ya alama 8. Ni ngazi tu, si shilingi. Kuzijumlisha kunasaidia kuona uzito umelalia upande gani, basi. Tawi la eneo lenye 35 na tawi la mwenye mradi lenye 48 yapo karibu kiasi kwamba nisingethubutu kusema lipi ni kubwa kwa fedha.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni kwamba mti hukata viungo kati ya matawi. Rudi kwenye lifti. Tuseme sakafu ya besimenti iko mita 3 chini ya ardhi, na shimo la lifti linashuka mita 1.5 zaidi. Ongeza unene wa zege la chini na uchimbaji unakaribia mita 5. Ripoti ya udongo inasema maji yalionekana mita 4.2, lakini vipimo vilifanyika Septemba, wakati wa kiangazi. Baada ya masika maji hayo yanaweza kupanda. Kwa hiyo sehemu inayoingia majini kwanza ni shimo lile la lifti, ambalo kina chake hakijulikani kwa sababu mwenye mradi hajaamua. Uamuzi ukichelewa miezi miwili, kipande hicho kinachimbwa Aprili badala ya Februari, pampu zinafanya kazi usiku na mchana, na kunyonya maji kwa wingi kunaweza kulegeza udongo chini ya nyumba ya jirani. Namba 8, 4, 1, 3 na 2 zimekuwa tukio moja. Mti umezigawa pande mbili, huku tatu na kule mbili, na hakuna mstari unaoziunganisha.

Hapo daftari la zamani la hatua lilikuwa na faida, maana angalau tatu kati ya hizo ziko ukurasa mmoja wa msingi. Ndiyo maana sioni haja ya kuchagua upande mmoja. Weka vyanzo kwenye mistari, hatua kwenye safu, kisha andika namba za vihatarishi kwenye vyumba vinavyokutana. Ongeza safu moja kwenye daftari: kihatarishi hiki kinachochewa na namba ipi? Kwa jengo la ukubwa huu, vyanzo vitano na ngazi mbili vinatosha. Nimeona miti ya ngazi nne yenye vijitawi vingi kuliko vihatarishi vyenyewe, ambayo ni dalili kwamba mtu amechukua ya mradi mwingine na kubadilisha jina la juu.

Kuna sharti moja ambalo bila hilo mti hausimami: kila mstari uandikwe ukiwa na sababu ndani yake. "Ucheleweshaji" hauwezi kupangwa popote kwa sababu ni matokeo, na mambo thelathini yanaweza kuuleta. "Kwa kuwa maji yalipimwa kiangazi tu, huenda yakawa juu ya kina cha ripoti, na shimo likahitaji pampu na wiki za ziada" unajipanga wenyewe, na pia unakuonyesha la kufanya: bomba lenye matundu liachwe ndani ya shimo la uchunguzi, kina cha maji kipimwe kila wiki katika msimu wa mvua. Ikiwa ratiba hairuhusu kusubiri masika, basi hilo nalo ni taarifa ya kuingiza kwenye bei ya pampu. Tawi la "mengineyo" au "nje ya uwezo wetu" likianza kunenepa, mara nyingi ni kwa sababu mistari imeandikwa kwa matokeo, na watu wamekosa pa kuiweka.

Mwisho, chanzo hakisemi nani analipa. Chini ya Kitabu Chekundu cha 1999, mkataba wa mfano wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mkandarasi akikuta hali ya ardhi ambayo asingeweza kuitabiri kwa busara, kifungu cha 4.12 kinamruhusu kudai muda na gharama. Chini ya Kitabu cha Fedha cha mwaka huo huo, mzigo huo kwa kawaida unabaki kwake. Tawi la eneo ni lile lile, maji ni yale yale. Kwa hiyo kabla ya kumpelekea mwenye mradi ule mti wenye tawi lake la 48, mkadiriaji majenzi aandike pembeni ya kila namba kifungu cha mkataba kinachoibeba. Namba 10 ina kifungu chake cha riba ya malipo yaliyochelewa. Namba 1, ikiwa mkataba ni wa Kitabu cha Fedha, mkandarasi ataibeba kwa kuiweka ndani ya bei ya tenda, na mwenye mradi atailipia hata kama maji hayakupanda.