Ukisema "hakuna shida" kwa pointi ya nyongeza, umeshaanza ugomvi

Kwenye kazi yangu ya kufunga umeme majumbani, ugomvi wa pesa na mteja mara nyingi huzaliwa siku ambayo wote tunacheka. Mteja anazunguka na wewe nyumba ikiwa bado matofali matupu, anasimama jikoni na kusema, "Fundi, na hapa niwekee soketi ya jiko la umeme." Fundi anajibu, "Hakuna shida, mama." Fundi ana maana kwamba kazi hiyo inawezekana. Mama amesikia kwamba imo kwenye bei ileile. Hakuna mwongo hapo, ila mwisho wa kazi lazima mmoja aumie.

Niliwahi kufika mwisho huo. Pointi tisa, yaani sehemu za swichi, soketi au taa, ziliongezeka kidogo kidogo, na kila mara nilisema "tutaongea". Tulipokuja kuongea, nyumba ilikuwa imeshapakwa rangi na fungu la mteja limekwisha. Aliniuliza swali moja tu: "Mbona hukuniambia?" Alilipa, lakini hakunipigia simu tena. Sikumlaumu, kwa sababu nilimnyima nafasi ya kukataa.

Siku hizi makubaliano yangu yanaanza ukutani. Tunapita chumba kwa chumba, naweka alama ya chaki kila panapokaa swichi, soketi na taa, tunahesabu pamoja na kupiga picha. Kwa mteja mmoja wa mwaka jana zilitoka pointi 42, ufundi shilingi 8,000 kila moja, jumla 336,000, vifaa ananunua mwenyewe. Akitaka soketi isogee hatua mbili ikiwa bado ni chaki, nasogeza bila kudai kitu. Nikisahau pointi iliyo kwenye picha, naifanya, maana hilo ni kosa langu.

Wiki ya pili akaja na mambo matatu: jiko la umeme, hita ya maji bafuni, na taa mbili za varanda ya nyuma. Nikamwambia, "Yote yanawezekana, mama. Hayakuwa kwenye zile 42, kwa hiyo jioni nitakutumia hesabu yake." Basi. Sikuomba radhi, wala sikutaja bei ya kubahatisha huku mafundi plasta wakisikiliza. Mtu mzima hapendi kupigiwa hesabu mbele ya watu.

Jioni nilimwandikia hivi kwenye WhatsApp:

"Mama, shikamoo. Nyongeza za leo: laini ya jiko 30,000, laini ya hita 25,000, taa 2 za varanda 16,000. Jumla ya ufundi 71,000 juu ya ile 336,000, na siku moja zaidi. Orodha ya waya na breka nakutumia kesho. Kama hita utanunua baadaye, naweza kuweka paipu tupu na boksi sasa kwa 8,000, waya tutapitisha siku hiyo bila kuvunja ukuta. Plasta inaanza Alhamisi, naomba jibu lako kabla ya Jumatano jioni."

Aliuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini jiko ni 30,000 wakati soketi nyingine ni 8,000. Nikamweleza kwamba soketi za kawaida zinagawana waya wa 2.5 mm², lakini jiko lake linataka waya wake peke yake wa 6 mm² kutoka kwenye boksi la breka hadi jikoni, na breka yake ya ampia 32. Ukiliunga kwenye laini ya soketi, breka itakuwa inaanguka kila akipika, na kama fundi ameweka breka kubwa kuzuia hilo, waya utachemka ndani ya ukuta. Ndiyo maana naogopa nyongeza za bure: fundi asiyelipwa anashawishika kuunga kwenye soketi ya karibu, na hakuna atakayeona baada ya plasta.

Ile tarehe ya plasta nayo si vitisho. Kabla ya plasta nachimba tofali, nalaza paipu, kazi imekwisha. Baada yake kuna kuchimba upya, kuziba, kusawazisha na rangi ya kurudia, na hapo bei yangu si ile tena. Hilo namwambia mteja mapema, ili akichelewa ajue anachelewa na nini.

Mama alijibu usiku uleule: jiko sasa, taa za varanda sasa, hita paipu tupu. Ikawa 54,000, na jumla kuu 390,000. Angesema hapana kwa yote matatu, ningemaliza zile 42 kwa moyo uleule, maana ndizo tulizokubaliana. Siku ya malipo hatukuhesabu chochote. Alifungua ujumbe, akasoma jumla, akanitumia pesa, kisha akaniuliza kama nina nafasi ya kwenda kuona nyumba ya mdogo wake.