Nyomi la elfu hamsini na uwanja wa hatua 120

Sijamaliza hata kula, picha ilikuwa imeshapita kwenye makundi matatu ya WhatsApp niliyomo. Mkutano wa hadhara, uwanja wa shule ya msingi huku kwetu Kigoma, vichwa vimebanana kutoka chini ya picha hadi juu. Maelezo yake: "Nyomi la kufa mtu! Watu 50,000!" Mjomba wangu, ambaye habari njema ya chama chake haimpiti bila kuisambaza, aliituma mara mbili. Chama chenyewe sikitaji, maana wapinzani wao nao walifanya ya kwao. Nitafika huko.

Uwanja ule naujua, goti langu moja lina kovu lake. Asubuhi yake nikapita pale nikaupima kwa hatua. Hatua yangu ina kama sentimita 75, nilishaipima kwa tepu ya fundi. Urefu ukawa hatua 120, upana hatua 72, yaani mita 90 kwa 54. Zidisha, unapata mita za mraba 4,860.

Sasa wagawie hao elfu hamsini. Kila mita ya mraba inabeba watu zaidi ya kumi. Chora mraba wa mita moja chini, jaribu kuwasimamisha watu kumi humo, uone kama wa saba hajakukanyaga. Wakifika watano au sita tu, mtu hajiongozi tena, anapelekwa na msukumo wa wenzake, na hapo ndipo watu huanza kuumia. Kwa hiyo kabla sijaitazama picha vizuri nilishajua kwamba namba ile haiwezekani. Uwanja wote ungejazwa kwa watu wanne kila mita ya mraba, goli hadi goli, wangeingia kama 19,400 basi.

Njia hii si yangu. Miaka ya 1960 Herbert Jacobs, aliyekuwa akifundisha uandishi wa habari Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, alitumia picha za maandamano ya wanafunzi kwenye eneo lililosakafiwa kwa miraba. Alihesabu watu kwenye miraba michache, kisha akazidisha. Vipimo vyake vikigeuzwa kuwa mita, watu waliosimama kwa nafasi ni kama mmoja kwa kila mita ya mraba, waliosongamana ni wawili na nusu hivi, na waliobanana hasa ni wanne. Mpaka leo ndivyo vinavyotumika.

Lakini idadi ya juu ambayo uwanja unaweza kubeba ni jambo moja, waliokuwepo ni jambo jingine. Mjomba alinijibu: "Haya, si elfu hamsini. Ila si unaona uwanja umejaa?" Swali zuri. Picha kweli inaonyesha umejaa.

Mpiga picha alikuwa amepanda juu ya kichwa cha fuso lililokuwa jukwaa, kwa hiyo kamera ilikuwa mita nne hivi kutoka ardhini. Ni juu kidogo tu ya vichwa vya watu. Kutoka hapo huioni ardhi, kwa sababu kila aliye mbele anaiziba. Mtu wa mita 1.6 aliyesimama mita 15 kutoka kwenye kamera anaficha mita kumi nzima za ardhi nyuma yake. Ungeweza kuegesha Noah mbili hapo, moja nyuma ya nyingine, na usione hata tairi. Ungeona paa, sawa, lakini sehemu tupu haina paa.

Kwa hiyo usitafute ardhi. Tazama mwili wa mtu wa nyuma unaonekana mpaka wapi. Kwa kamera ile ile, kama wa nyuma amesimama mita moja tu kutoka kwa huyo wa mita 15, utamwona sentimita 16 za juu, yaani paji la uso, macho na pua. Ukimwona mpaka kifuani, kama sentimita 40, ujue kati yao kuna mita mbili na nusu. Na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo picha inavyozidi kukudanganya. Kwenye mita 30, kifua hicho hicho kinamaanisha pengo la mita tano. Jicho linaona kifua nyuma ya bega na linasema wamebanana, kumbe katikati panatosha kucheza rede.

Nikaikuza picha. Mbele kabisa, kweli, ni nyuso na vipaji tu. Katikati nikaanza kuona vifua, kisha mikono, kisha mama mmoja wa kitenge cha njano anaonekana mpaka kiunoni. Nyuma yake kuna goli la upande wa pili, na watoto wawili wamekaa juu ya mwamba. Goli linaonekana limegusana na vichwa, lakini vijana waliosimama mbele yake wanaonekana mpaka magotini.

Nikagawa uwanja vipande vitatu. Mita 15 za mbele kwa upana wote nikaweka watu watatu kila mita ya mraba, wakawa kama 2,400. Mita 30 zinazofuata nikaweka mmoja mmoja, 1,600. Nusu ya nyuma, pamoja na waliojikinga jua chini ya miembe, nikawapa 300. Jumla 4,300. Kwa kuwa msongamano nimeukadiria kwa macho, nasema kati ya 3,500 na 5,500. Asiyekupa nafasi ya kukosea hajahesabu.

Hapo wapinzani wakafurahi, nao wakatoa picha yao: uwanja ule ule, watu mia mbili hivi, turubai na viti vitupu. "Nyomi liko wapi?" Lakini kwenye picha hiyo vivuli vimejikunja miguuni mwa watu. Huku kwetu jua halifiki utosini saa sita. Tuko magharibi mno, na saa tunayotumia ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo mwezi huu wa kumi linafika utosini karibu na saa saba. Mgombea alipanda jukwaani saa kumi. Saa hiyo kivuli cha mtu kinazidi kidogo urefu wake mwenyewe, na kinalala upande wa mashariki, kulipa mgongo ziwa. Kwenye picha ya mjomba vivuli viko hivyo hasa. Picha ya wapinzani si ya kubandika, ni ya kweli kabisa. Ila ilipigwa karibu na saa saba, muda mrefu kabla ya mgombea kupanda, mafundi wakiwa bado wanafunga spika. Kwangu mimi huo ni uongo sawasawa na ule wa fuso.

Kuna jambo moja namwachia mjomba. Picha inashika dakika moja tu, na mkutano ulikwenda mpaka magharibi. Watu waliingia na kutoka, wengine walisikiliza robo saa wakarudi sokoni. Waliopita pale siku nzima wanaweza kuwa wengi kuliko 5,500. Nikamwambia hata tukizidisha mara mbili, na hiyo ni ukarimu, hatuvuki 11,000.

Akakaa kimya muda mrefu, naona anaandika, anafuta, anaandika. Mwishowe ikaja: "Sasa wewe, badala ya kusikiliza sera, ulienda kupima uwanja?"