Pampasi kwanza, au daftari la mkojo kwanza?

"Kazi yetu ya uuguzi wa wazee: bibi wa miaka 76, ana shinikizo la damu, anatembea na mkongojo. Mkojo unamtoka kabla hajafika chooni, na usiku analowesha godoro. Binti yake anataka avalishwe pampasi au awekewe mpira wa kutoa mkojo kibofuni. Tumeambiwa tutafute chanzo na tupange huduma inayomhifadhia heshima. Nikikubaliana na binti nitakosa alama?"

Nianze kwa kumtetea binti, maana kwenye kazi za darasani ndugu wa mgonjwa mara nyingi huandikwa kama kikwazo. Huyu anaamka mara tatu usiku, anafua mashuka alfajiri, kisha anawahi sokoni. Pampasi inampa saa chache za usingizi, na inamwezesha bibi kukaa na wageni bila hofu. Anayeikataa bila kusema nani atakayeamka badala ya binti hajapanga huduma yoyote.

Mpira ni habari nyingine. Kibofu chenye mpira hupata vijidudu, na kadiri siku zinavyopita hatari inaongezeka. Mzee aliyeanza kuchanganyikiwa huweza kuuvuta na kujijeruhi. Mpira una nafasi yake pale mkojo unapokwama na hakuna njia nyingine, au kidonda cha mgongoni kinapolowa kila mara. Kulowesha godoro peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo ubishi wa kweli ni kuhusu pampasi, na mimi naona kasoro yake iko kwenye wakati inapoletwa. Ikivalishwa siku ya kwanza, hakuna tena anayehesabu mkojo wala kuuliza umetoka saa ngapi. Chanzo kinafunikwa, na bibi aliyekuwa anajitahidi kwenda chooni anajifunza kwamba hategemewi kwenda.

Nilimhudumia mama mmoja Tanga ambaye hali yake ilikaribiana sana na hiyo. Familia ilikuwa na haraka kama binti wako. Tuliomba siku tatu tu, tukawapa kikombe cha kupimia na daftari. Kila akikojoa waandike saa, kiasi, na kama alikuwa ameshalowa. Waandike pia alichokunywa.

Kwa wastani alikojoa mililita 1,200 kwa saa 24. Kati ya hizo, 700 zilitoka tangu alipolala hadi mkojo wake wa kwanza wa asubuhi, karibu asilimia 58. Kwa mzee, usiku ukishazidi theluthi moja ya mkojo wa siku nzima, tunajua kwamba mwili unatengeneza mkojo mwingi wakati usiofaa, kwa hiyo hata kibofu chenye afya kingeelemewa. Tukauliza dawa. Alikuwa anameza amlodipini, dawa ya shinikizo la damu ambayo huweza kuvimbisha miguu, na miguu ilikuwa inamvimba kila jioni. Kwa ajili ya uvimbe huo akaongezewa furosemaidi, dawa ya kukojoza, naye akawa anaimeza saa 1 jioni baada ya chakula kwa sababu mchana hakutaka kusumbuka na choo. Furosemaidi ya kumeza huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa saa 6 hivi. Hesabu mwenyewe inamfikisha saa ngapi za usiku.

Mchana sababu zilikuwa nyingine. Alikuwa hajapata choo kikubwa kwa siku tano, na kinyesi kigumu kilichokwama hukibana kibofu. Kwa kuogopa kulowa alikuwa amepunguza maji hadi vikombe vitatu, jambo linalozidisha ugumu wa choo na kuufanya mkojo uwe mkali unaochokoza kibofu. Halafu choo kiko uani, na mlangoni pana ngazi mbili. Haja ikimshika ghafla, mkongojo haufiki kwa wakati.

Kuna mambo mawili yaliyopimwa ambayo wanafunzi huyasahau. La kwanza ni mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa, unaopimwa kwa utrasaundi. Kwake ulikuwa mililita 60. Ungepita 200, tungeanza kufikiria kibofu kinachofurika kwa kushindwa kujimwaga, na huyo akipewa dawa ya kutuliza kibofu anaweza kuziba kabisa. La pili ni kipimo cha mkojo kwa kijiti. Kilionyesha dalili za bakteria, ila hakuwa na homa, hakuumia akikojoa, wala tatizo halikuwa limeanza ghafla. Wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa, kwa hiyo hakupewa antibiotiki. Hapo ndipo kazi nyingi za darasani zinapotea: zikiona kijiti kimebadilika rangi zinaandika "maambukizi" na kufunga jalada.

Mpango ukajengwa juu ya daftari. Daktari alihamishia furosemaidi saa 8 mchana, na akaiangalia upya amlodipini yenyewe. Baada ya chakula cha mchana aliinua miguu juu ya mto. Choo kigumu kilitibiwa kabla ya kitu kingine chochote. Maji yalipanda hadi vikombe sita au saba, mengi yake kabla ya saa 11 jioni. Kando ya kitanda kikawekwa kiti chenye tundu na ndoo yenye mfuniko, pamoja na taa ndogo. Kila baada ya saa mbili za mchana mjukuu alimsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, twende uani?" Aliulizwa, hakuamrishwa, wala hakuulizwa mbele ya watu.

Utaratibu huo wa kuulizwa ndio wenye udhaifu mkubwa, na uandike hivyo. Unahitaji mtu. Mjukuu akirudi shule, unakufa. Ndiyo maana hujaribiwa kwa siku tatu: kama mzee anafanikiwa kukojoa chooni kwenye kama theluthi mbili ya haja zake, unastahili kuendelezwa. Akiwa chini sana ya hapo, kuichosha familia hakuna faida, na pampasi ya mchana inakuwa huduma halali.

Wiki mbili baadaye mama yule aliamka mara moja usiku. Haja ya ghafla haikuisha. Mwenzangu mmoja alipendekeza oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu. Nilipinga, kwa sababu dawa hiyo hufunga choo na huweza kumchanganya mzee akili, naye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye kufunga choo. Tuliafikiana kwamba usiku avae pampasi, ikilowa ibadilishwe, ngozi ioshwe kwa maji na kukaushwa bila kusuguliwa, kisha ipakwe krimu ya zinki kidogo. Binti yake alipata usingizi, ila safari hii pampasi ilikuja baada ya chanzo kujulikana.

Kwenye sehemu ya heshima usiandike "faragha" ukaishia hapo. Muulize bibi amekosa nini. Mama yule alikuwa ameacha kuswali akidhani udhu wake hausimami. Ustadhi wa mtaani akamweleza kwamba mwenye dharura hiyo hujistiri vizuri, hutia udhu kila wakati wa swala unapoingia, kisha huswali. Kilichobaki kumuuma ni darsa la wanawake la Alhamisi saa 10 jioni, ambalo hakuwa amelihudhuria kwa miezi. Hapo tukagundua kwamba furosemaidi ya saa 8 mchana ingemkamata katikati ya darsa. Daktari akakubali Alhamisi aimeze saa 1 asubuhi. Alikwenda, akakaa karibu na mlango.